Kibao cha Enzi Zile, Kutu ya Wiki Jana

Jua halipaushi enameli. Kibao cha tangazo kilichochomwa enameli kinaweza kukaa ukutani miaka 60, kikipigwa na jua la pwani na mvua ya masika, na buluu yake ikabaki buluu ileile iliyotoka nayo tanurini. Kutu itakila, mawe ya watoto yatakimega, mng'ao wake utapungua, lakini rangi haitachuja. Kwa hiyo mtu akioneshwa kibao cha enameli ambacho wekundu wake umepauka ukawa waridi, kisha akaambiwa kwamba kupauka huko ndiko ushahidi wa uzee, ana haki ya kukirudisha mezani na kuanza kuuliza maswali.

Matangazo haya ya kale yana soko sasa. Wenye hoteli na migahawa wanayatafuta, watu waliohamia nje wanayanunua kwa kumbukumbu, na katika maduka ya vitu vya kale utakuta vibao vya petroli, baiskeli, chai, sabuni na soda vimeegemezwa ukutani pamoja na mabango ya karatasi yaliyotiwa fremu. Nakala nyingi huuzwa kwa haki, kama mapambo, na bei yake ni ya pambo. Ubaya unaanza pale nakala inapozeeshwa kwa makusudi ikatiwa bei ya kitu cha asili.

Anayezeesha kitu kwa mikono ana shida moja isiyomwacha. Chuma, kioo, wino na karatasi kila kimoja kina namna yake ya kuchakaa, na uchakavu huo huja kwa sababu maalumu, mahali maalumu. Mghushi anajua kibao cha kale kinafananaje kwa mbali. Mara nyingi hajui kwa nini kilifika hapo, na ukijua hiyo "kwa nini" umeshamtangulia.

Kioo juu ya chuma

Enameli ni kioo. Kila mtu aliyekunywa chai kwenye kile kikombe cheupe chenye ukingo wa buluu, ambacho wengi wetu tunakiita kikombe cha bati, ameshaishika. Ukikumbuka pale kikombe kilipoanguka kikamegeka, utakumbuka pia doa jeusi lililobaki, lenye mviringo wa rangi ya giza kati ya weupe wa nje na chuma cha katikati. Mviringo huo ndio ufunguo wa mambo mengi, kwa hiyo tuone ulikotoka.

Kiwanda kilianza na bamba la chuma. Lilikatwa, likatobolewa matundu ya skrubu, likaoshwa kwa tindikali ili kuondoa kutu na mafuta. Kisha likafunikwa kwa uji wa kioo kilichosagwa, kilichochanganywa na maji na udongo mwororo. Tabaka hili la kwanza lilitiwa oksidi ya kobalti, kwa sababu kobalti ndiyo inayokifanya kioo kishikane na chuma, na kobalti hiyohiyo ndiyo inayolipa tabaka rangi yake ya buluu iliyokaribia weusi. Bamba likikauka liliingizwa tanurini kwenye joto la kiasi cha nyuzi 800 za Selsiasi kwa dakika chache tu. Ule unga ukayeyuka ukawa kioo.

Baada ya hapo likaja tabaka la rangi ya chini, kwa kawaida nyeupe, likachomwa nalo. Ndipo zikafuata rangi za maandishi na picha, moja baada ya nyingine. Fundi alipuliza rangi uso mzima, akaiacha ikauke ikawa unga, akaweka juu yake bamba jembamba lililokatwa umbo la herufi, kisha akausugua kwa brashi unga wote usiotakiwa. Kilichobaki kilirudi tanurini. Kibao cha rangi nne, kwa hesabu hiyo, kilionja moto mara nne au tano. Kampuni ya Patent Enamel ya Selly Oak, Birmingham, iliyofungua kiwanda chake mwaka 1889, ilitengeneza vibao kwa njia hii kwa wingi sana, na huko Marekani kiwanda cha Ingram-Richardson cha Beaver Falls, Pennsylvania, kilifanya kazi ya namna hiyohiyo. Baadaye matangazo yakaanza kuchapwa kwa kitambaa cha hariri kilichokazwa kwenye fremu, wino wa kioo ukipenya kwenye vitundu vya kitambaa, na kazi ikawa nyepesi zaidi.

Kwa kuwa kila rangi ni tabaka lake, kibao cha njia ya kale kina vipandio. Pitisha ukucha polepole kutoka kwenye usuli kuingia kwenye herufi, nao utakwama kidogo kwenye ukingo. Kwenye vibao vya mwanzoni mwa karne iliyopita kipandio hicho ni wazi kiasi kwamba ukiinamisha kibao kuelekea dirishani unakiona kwa macho. Kwenye vile vilivyochapwa kwa kitambaa cha hariri ni chembamba, lakini bado kipo. Ukucha ukiteleza moja kwa moja bila kukwama popote, unachokishika yaelekea ni bati lililochapwa au kupigwa rangi ya kawaida, hata liwe linang'aa vipi.

Kwa nini basi rangi hii haipauki? Kwa sababu haitokani na wino. Inatokana na madini yaliyoyeyuka ndani ya kioo chenyewe: kobalti kwa buluu, kromu kwa kijani, na kadhalika, na mwanga wa jua hauna la kuyafanya. Kinachoweza kuharibika ni uso wa kioo. Mvua yenye asidi, moshi na vumbi vinavyousugua miaka mingi huukwaruza kidogo kidogo hadi ukafa mng'ao, na rangi nyekundu ndiyo dhaifu kuliko zote kwa ugonjwa huo. Kibao kikifikia hapo huonekana kana kwamba kimepauka. Lowesha kidole upitishe juu yake. Kama ni enameli iliyokwaruzika, rangi itarudi kamili maji yakiwapo, kisha itafifia yakikauka, maana maji yameijaza mikwaruzo. Halafu angalia pale kichwa cha skrubu au washa ilipokuwa imefunika. Hapo kioo hakikuguswa na mvua, hivyo bado kitang'aa. Tofauti hiyo kati ya duara linalong'aa na uso uliokufa mng'ao ni kazi ya miaka, na sijaona mghushi aliyeiiga vizuri.

Kutu ina njia zake

Kioo hakishiki kutu. Kutu huanzia pale tu kioo kilipovunjika chuma kikabaki uchi, na kioo huvunjika mahali palepale siku zote. Mahali pa kwanza ni matundu ya skrubu, kwa sababu aliyekifunga kibao alikaza kupita kiasi, kioo kikapasuka kuzunguka tundu. Pa pili ni kingo na pembe, zilizogongwa wakati wa kubeba na kupandisha ngazi. Pa tatu ni ukingo wa chini, ambako maji ya mvua hukusanyika. Katikati ya kibao hupata majeraha pia, ya mawe au mpira, lakini kibao kilichojeruhiwa katikati peke yake, kingo zake zikiwa salama, kimeishi maisha ambayo vibao haviishi.

Tazama jeraha lenyewe kwa karibu, ikiwezekana kwa lenzi ya fundi saa inayokuza mara 10. Jeraha la kale limejipanga kwa duara: rangi ya juu, halafu nyeupe, halafu ule mviringo wa giza wa kobalti, na katikati chuma. Kutu ya katikati ni ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, na ni ngumu. Chuma chini yake kimetobokatoboka. Kingo za kioo zimeshika uchafu na hazikati kidole. Zaidi ya yote, kutu haikuishia pale kioo kinapoanzia. Imetambaa chini yake, ikavimba, ikakiinua kioo kikapata nyufa au kikabanduka vipande vyembamba. Kutambaa huko hakuharakishwi kirahisi.

Mwenye haraka hufanya hivi: hupiga nyundo, humwagia maji ya chumvi au siki, hukiacha kibao juani kwa siku chache. Kutu hupatikana, tena nyingi, ila ni ya rangi ya chungwa, ya ungaunga, na imekaa juu ya chuma kilicho laini bado. Paka kitambaa cheupe kilicholoweshwa kidogo: kutu changa itakiacha na rangi ya chungwa mara moja, kutu kongwe itatoa kahawia hafifu tu. Kuna tahadhari hapa. Kibao cha kweli kilichong'olewa kikalazwa stoo yenye unyevu kinaweza kuota kutu changa juu ya ile kongwe. Kwa hiyo usiishie kwenye unga. Futa, halafu uangalie kilichopo chini.

Kitu kingine ambacho mghushi husahau ni kwamba maji huteremka. Kutu ya tundu la juu la kibao kilichotundikwa huacha mchirizi wa kahawia unaoshuka kuelekea chini ya maandishi, mwembamba, mrefu, uliofifia mwishoni. Kibao kilichomwagiwa chumvi kikiwa kimelazwa mezani hakina mchirizi. Kina madoa yaliyotandaa pande zote sawa, na mara nyingine yana ukingo kama wa maji yaliyokauka kwenye meza. Ukikuta mchirizi unaopanda juu, au unaokwenda ubavuni, muulize muuzaji kibao kilitundikwaje.

Mahali nako kuna kauli yake. Chumvi ya hewa ya bahari huifanya kutu iwe ya matabaka, yenye kuvimba, na huila haraka. Kibao kilichokaa Nairobi au Arusha kwa muda uleule kitakuwa na kutu pungufu na kavu zaidi. Ukiambiwa kibao kimetoka mbele ya duka la ufukweni Pangani, na jeraha lake ni doa dogo bapa, hadithi na chuma havijakubaliana.

Kisha kigeuze. Watu wengi hununua kibao bila kukiona mgongo, na mgongo ndio unaosema zaidi. Mgongo wa kibao cha asili kwa kawaida umefunikwa nao kwa kioo, angalau lile tabaka la giza, kwa sababu bamba lisilo na kioo upande wa pili hupinda likiwa tanurini. Juu ya kioo hicho kutakuwa na alama za ukuta: chokaa, rangi ya zamani iliyoruka, vumbi lililogandamana, kivuli cha ubao kilipopigiliwa. Mgongo msafi unaong'aa, kwa kibao ambacho uso wake umeteseka, ni kinyume cha mambo, kwa maana mgongo haukufikiwa na jua, lakini ulilala na ukuta miaka yote hiyo.

Kibao cha nyota nyekundu

Kimoja nilikishika mwenyewe katika duka la Mji wa Kale, Mombasa. Kilikuwa cha mviringo, upana wa sentimita 60, chenye nyota nyekundu na jina la Caltex. Baada ya shikamoo na marahaba, mwenye duka akaniambia, "Hiki mwanangu ni cha wakati wa Mjerumani, kimetoka Tanga." Alikuwa amekipata kwa dalali, na hadithi ilikuja nacho.

Hadithi hiyo haikuhitaji lenzi. Caltex ilizaliwa mwaka 1936, pale kampuni mbili za mafuta za Marekani, Standard Oil ya California na Texas Company, zilipounganisha shughuli zao za ng'ambo. Utawala wa Kijerumani Tanganyika ulikuwa umeshakwisha tangu Vita Kuu ya Kwanza. Lakini uongo wa hadithi hauna maana kwamba kibao ni cha uongo. Madalali huvisha hadithi hata vitu vya kweli, na kibao cha Caltex cha miaka ya 1950 ni kitu chema. Tulihitaji kukitazama chenyewe.

Sumaku ilinasa, kwa hiyo si aluminiamu. Tulikipima kwenye mizani ya duka la jirani, kikafika kilo 3 na zaidi kidogo. Hesabu yake ni rahisi: bamba la chuma la mviringo wa upana huo, lenye unene wa milimita 1.5, lina uzito wa kilo 3.3 hivi, wakati bati jembamba la nakala za mapambo, la milimita 0.3, lisingefika hata kilo moja. Ukucha ulikwama kwenye ukingo wa nyota. Kilikuwa kioo, tena kilichochomwa. Mwenye duka akafurahi, na mimi nilianza kumwamini dalali wake.

Halafu tukaja kwenye majeraha. Yalikuwa katikati, juu ya nyota na herufi, na karibu yote yana ukubwa mmoja. Ukingo wa kibao ulikuwa mzima kabisa. Kwenye lenzi, jeraha lilionesha nyekundu, kisha nyeupe, kisha chuma. Ule mviringo wa giza haukuwapo. Viwanda vilipopata chuma chenye kaboni kidogo sana, kuanzia miaka ya 1960, viliweza kuchoma nyeupe moja kwa moja juu yake bila tabaka la kobalti, na nakala nyingi za siku hizi hutengenezwa hivyo. Kutu ilikuwa ya chungwa, imetandaa pande zote, bila mchirizi hata mmoja.

Kilichomaliza ubishi ni matundu ya skrubu. Kioo kilikuwa kimezunguka midomo yake kikamilifu, laini, bila ufa wala alama ya washa. Kibao kilichodaiwa kuwa kimekaa mbele ya kituo cha petroli kwa miongo mingi hakikuwahi kupitishiwa skrubu hata mara moja. Mgongo ulikuwa mweusi, unang'aa, safi.

Kwa hiyo kilikuwa enameli ya kweli, ila changa, iliyopigwa nyundo na kutiwa chumvi. Hii ndiyo aina ngumu kuliko zote, kwa sababu inashinda majaribio ambayo watu wengi huyajua, ya sumaku, uzito na ukucha. Mzee alinyamaza kidogo, akakitazama tena mgongo wake, kisha akasema atakiuza kama pambo.

Bati lililochapwa

Kuna vibao vingine ambavyo havikuwahi kuwa enameli, navyo ni vya kale kweli. Ni bati jembamba lililochapwa kwa wino kisha likapakwa vanishi na kukaushwa kwa joto, kama makopo ya chai na biskuti. Njia yake ina heshima kubwa katika historia ya uchapaji: Robert Barclay wa London alipata hataza mwaka 1875 ya mashine iliyochapa kwanza kwenye silinda ya kati, kisha silinda hiyo ikauhamishia wino kwenye bati, miaka mingi kabla ya wachapaji wa karatasi kuifuata njia hiyo.

Bati la namna hii hupauka, na linapaswa kupauka. Ila wino hazipauki kwa pamoja. Nyekundu na njano huenda kwanza, buluu na nyeusi hubaki, ndiyo maana tangazo la bati lililokaa dirishani miaka mingi huonekana la kibuluu. Nakala iliyozeeshwa kwenye kompyuta hupungua rangi zote kwa kipimo kimoja, kama chai iliyozidishiwa maziwa. Na ukifungua fremu ukaangalia ukingo uliofichwa, tangazo la kweli litakuonesha rangi zake za ujana. Nakala itakuonesha mpauko uleule hata mahali ambapo jua halikufika kamwe.

Nakala hizi za bati pia zina kutu iliyochapwa. Mtengenezaji alipiga picha kibao cha kweli pamoja na majeraha yake yote, akaichapa. Funga macho upitishe kidole: jicho liliona shimo, kidole kinakuta uso laini. Ukikuta duka jingine lina tangazo lilelile, ulinganishe mkwaruzo ulio juu ya herufi ya kwanza. Majeraha ya ajali hayapatani hivyo, hata yawe mawili tu.

Karatasi na nukta

Kwenye mabango ya karatasi, lenzi ile ya fundi saa ndiyo inayofanya kazi kubwa. Litografia, iliyobuniwa na Alois Senefelder huko Ujerumani miaka ya mwisho ya 1790, ilichapa mabango ya rangi kwa mawe: jiwe moja kwa kila rangi, wino halisi wa rangi hiyo. Ukiyakuza utaona wino uliotandaa mzima, au chembechembe zisizo na mpango zilizowekwa na mkono wa mchoraji au kuachwa na mikwaruzo ya jiwe. Nakala ya kisasa iliyochapwa kwa mashine ya ofseti huonesha kitu kingine kabisa: nukta za buluu, waridi, njano na nyeusi zilizopangwa kwa safu, zikikutana na kufanya viduara. Iliyotoka kwenye printa ya wino ina madoadoa madogo yaliyotawanyika, na ukingo wa herufi una manyoya.

Lakini nukta peke yake si hukumu. Kuanzia katikati ya karne ya 20 mabango mengi ya asili yalichapwa kwa picha za nukta, na anayeyakataa yote atatupa vitu vizuri. Tazama maandishi. Kwenye bango la asili, hata la ofseti, herufi kubwa na rangi bapa kwa kawaida zilichapwa kwa wino mzima, na nukta ziko kwenye picha tu. Nakala imepigwa picha bango zima kwa pamoja, kwa hiyo hata herufi zimejengwa kwa nukta. Weka lenzi kwenye herufi nyekundu ya kichwa cha habari. Ukikuta nukta za waridi na njano zinazojaribu kuwa nyekundu, umepata nakala. Na kama bango la asili lilikuwa na nukta zake, nakala itakuwa na nukta juu ya nukta, na picha itaota mawimbi ambayo mchapaji wa kwanza hakuyakusudia.

Karatasi yenyewe hujaribiwa gizani kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Viwanda vya karatasi vilianza kutumia kwa wingi dawa za kung'arisha weupe karibu na mwaka 1950, na dawa hizo hung'aa buluu kali chini ya tochi hiyo. Bango linalodaiwa kuwa la miaka ya 1930 likiwaka hivyo, halihitaji maswali zaidi. Lisipowaka, hilo halithibitishi kitu, kwa kuwa karatasi isiyo na dawa hizo ingali inatengenezwa.

Mikunjo nayo iangaliwe. Mabango mengi yalitumwa kwa posta yakiwa yamekunjwa, na kwenye mkunjo wa kweli nyuzi za karatasi zimevunjika, wino umedondoka ukaacha mstari mweupe wenye meno, na upande wa nyuma mkunjo unaonekana pia. Nakala mara nyingi huwa na picha ya mkunjo, bapa, isiyo na kitu nyuma yake. Wanaochovya karatasi kwenye chai ili iwe ya kahawia huacha kahawia iliyosambaa sawa na kukolea ndani ya mikunjo. Karatasi iliyozeeka kwa hewa na mwanga imekolea kwenye kingo, imepungua kuelekea katikati, na pembe zake huvunjika ukizikunja.

Mwisho, chukua futi kamba. Mabango ya Uingereza, yakiwemo yaliyoletwa kwetu wakati wa ukoloni, yalikatwa kwa inchi: 20 kwa 30 ni kipimo kimojawapo cha kawaida, na ya reli mara nyingi yalikuwa 25 kwa 40. Vipimo vya A vilitungwa Ujerumani mwaka 1922, na Uingereza ilikaa miongo mingi bila kuvifuata. Bango la Kiingereza la miaka ya 1930 lenye sentimita 42 kwa 59.4 barabara limekatwa kwa karatasi ya A2 ya printa ya leo.

Kwa msomaji wa Kiswahili hili lina mfano wa karibu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Afrika Mashariki walipokuwa wakipigana Burma, Wizara ya Habari ya Uingereza ilikuwa na tangazo la Kiswahili lisemalo "Askari wetu washinda Wajapani". Picha yake inapatikana mtandaoni kwa yeyote, na kinachopatikana kwa yeyote huchapwa na yeyote. Anayeuziwa bango la namna hiyo kama la asili atafute kwanza chini kabisa ule mstari mdogo wa mchapaji: mabango ya serikali ya Uingereza ya enzi hiyo kwa kawaida yaliutaja, pamoja na namba ya oda. Nakala nyingi huukata, au huuacha ukiwa umefifia hausomeki, kwa sababu picha iliyopigwa haikuwa na makali ya kutosha kwa herufi ndogo kiasi hicho.

Hata kwa macho yaliyozoea, kuna vitu vitakavyobaki katikati. Kibao cha kweli kinaweza kuwa kimetengenezwa upya: majeraha yamejazwa, rangi ya kopo imepakwa juu, na matundu mawili kati ya manne yamezibwa. Tochi ileile ya noti husaidia, maana rangi ya kopo na kioo haviwaki sawasawa gizani, na sehemu zilizopakwa hujitokeza kama mabaka. Kibao cha namna hiyo ni cha kale bado, lakini bei yake inapaswa kushuka, na muuzaji anapaswa kusema kabla hajaulizwa. Ukishakinunua, usikipige msasa. Kutu kongwe iliyotambaa chini ya kioo ikisuguliwa huondoka na kioo kilichoishikilia, na pamoja nacho ushahidi wote uliokufanya ukinunue. Kioshe kwa maji na sabuni laini, kikaushe vizuri, kisha paka majeraha yake nta kidogo ili unyevu usiingie.